Kujibu hoja za ukaguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majibu ya menejimenti

Rasimu ya ripoti ya ukaguzi ikitua mezani, maswali huwa ni yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine. Mfano ninaoutumia ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha za kazi alizopewa mtumishi na ambazo hajazitolea hesabu kwa risiti, hoja ambayo wahasibu wengi wamekutana nayo. Taasisi ya mfano ni ya kutunga, pamoja na hesabu na tarehe zake. Hoja yenyewe inasomeka hivi:

> Kati ya masurufu 60 tuliyoyapitia, 19 hayakuwa yamerejeshwa ndani ya siku 14 baada ya kazi kukamilika, kinyume na kanuni za fedha za taasisi. Kati ya hayo 19, saba ni ya watumishi waliopewa masurufu mapya kabla ya kurejesha ya awali. Chanzo ni usimamizi hafifu. Tunapendekeza menejimenti ihakikishe masurufu yote yanarejeshwa kwa wakati.

## Mambo ya msingi

1. Majibu ya menejimenti ni nini hasa, na nani anayasoma?

Ni kauli ya taasisi kuhusu kila hoja: inaikubali au haikubali, itafanya nini, nani atafanya, na itakuwa imekamilika lini. Kwa kawaida yanawekwa ndani ya ripoti yenyewe, chini ya hoja husika.

Kamati ya ukaguzi na bodi watayasoma, lakini msomaji wa kumfikiria zaidi ni mkaguzi atakayerudi mwakani. Atafungua ripoti ya zamani, apige mstari chini ya kila "tutafanya", kisha aulize kielelezo kiko wapi. Kwa hiyo kabla sijaandika sentensi yoyote ya ahadi, najiuliza kwanza nitamwonyesha karatasi gani siku hiyo. Kama sioni karatasi yoyote, sentensi hiyo haijawa tayari kuandikwa.

2. Nimepokea rasimu leo. Nianzie wapi?

Mwombe mkaguzi orodha ya masurufu 19 aliyoyakuta, moja moja, kwa namba za hati za malipo. Usiandike chochote kabla ya kuipitia. Muda wa kujibu huwa mfupi na kishawishi ni kuanza na maneno, lakini siku mbili za kufuatilia majalada zitakuokoa miezi ya mabishano.

Katika mfano wetu orodha ilipofuatiliwa, ilibainika kwamba hayakuwa tatizo moja. Masurufu matano yalikuwa yamesharejeshwa. Risiti zilikaa kwenye trei ya karani zikisubiri kuingizwa kwenye daftari. Kumi na mbili hayakuwa yamerejeshwa kweli. Mawili yalikuwa ya watumishi walioacha kazi bila mtu yeyote kuangalia kama wanadaiwa. Makundi matatu, na kila moja lina dawa yake. Ungejibu hoja hii bila kuiona orodha, ungeandika dawa moja kwa magonjwa matatu.

3. Jibu kamili lina sehemu zipi?

Msimamo wa taasisi kuhusu hoja, chanzo halisi, hatua, afisa anayewajibika, tarehe ya kukamilika, na kielelezo kitakachoonyesha kwamba hatua imefanyika. Wengi huiacha hiyo ya mwisho kwa sababu fomu haina safu yake. Iandike hata hivyo, ndani ya maelezo ya hatua. Mfano uliokamilika uko kwenye swali la 6.

## Chanzo na hatua

4. Mkaguzi ameshaandika chanzo. Kwa nini nikitafute tena?

Kwa sababu "usimamizi hafifu" hakikuambii urekebishe nini. Mkaguzi alikaa nanyi wiki chache. Wewe upo hapo kila siku na unaijua njia ambayo karatasi inapita.

Fuata karatasi. Katika taasisi yetu, mtumishi anajaza fomu ya kuomba masurufu, mkuu wake anasaini, fomu inafika kwa mhasibu wa malipo, malipo yanatoka. Daftari la masurufu liko chumba kingine kwa karani, naye huliandika mara moja, mwisho wa mwezi. Sasa chukua mtumishi aliyerudi safari tarehe 6 na kuomba masurufu mengine tarehe 25. Siku zake 14 zimeshapita, lakini mhasibu wa malipo hana mahali pa kuona kwamba anadaiwa. Analipa kwa nia njema kabisa. Yale masurufu saba yaliyotolewa juu ya mengine yalipita hapo hapo.

Kipimo ninachotumia ni hiki: kama chanzo nilichoandika kingeondolewa, je, tatizo lingetokea tena? Tuseme wote wameonywa vikali na usimamizi "umeimarishwa", lakini daftari bado linaandikwa mwisho wa mwezi. Mhasibu wa malipo angelipa tena, hivyo chanzo hicho si chanzo. Tuseme daftari linaandikwa kila siku na mhasibu analiona kabla ya kulipa. Yale saba yasingetokea. Hapo umefika.

5. Kwa nini mkaguzi ananirudishia jibu la "tutaimarisha usimamizi wa masurufu"?

Kwa sababu hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema limekamilika. Kuimarisha, kuboresha, kuhimiza, kuendelea kusisitiza: vitenzi hivi havina mwisho, wala haviachi karatasi nyuma. Kuandika, kuzuia, kukata, kuidhinisha na kuwasilisha vina mwisho na vinaacha karatasi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliandika majibu ya aina hiyo kwa hoja zote nilizokabidhiwa, na yalipokelewa bila shida. Mwaka uliofuata mkaguzi aliomba vielelezo. Nilichoweza kumpa ni waraka mmoja wa kuwakumbusha watumishi kanuni. Karibu hoja zote zilirudi kwenye ripoti mpya na neno "imejirudia" pembeni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya kazi ilikuwa imefanyika kweli, ila sikuwa nimeahidi kitu kinachoweza kuonyeshwa.

6. Tumeshafuatilia masurufu yote 19 na kuyamaliza. Hoja si imekwisha?

Mmesafisha yaliyopita, na tundu bado lipo. Kila hoja ya aina hii inahitaji hatua za namna mbili: za kuondoa kilichokutwa, na za kuzuia kisirudi. Mkaguzi akikuta 19 zimefungwa lakini mapya manane yamechelewa, hoja inabaki wazi, na ana haki.

Hili ndilo jibu ambalo ningelipeleka:

> Msimamo: Menejimenti inakubaliana na hoja, pamoja na ufafanuzi kwamba masurufu matano kati ya 19 yalikuwa yamerejeshwa kwa wakati lakini hayakuwa yameingizwa kwenye daftari (namba za hati na tarehe za marejesho zimeambatishwa).
>
> Chanzo: Daftari la masurufu linaandikwa mwisho wa mwezi na haliko kwa mhasibu wa malipo, hivyo malipo mapya yanaidhinishwa bila kujua madeni ya mwombaji. Fomu ya kuacha kazi haina sehemu ya kuthibitisha masurufu.
>
> Hatua ya 1: Masurufu 12 yatarejeshwa kwa vielelezo au kukatwa kwenye mshahara kwa mujibu wa kanuni. Anayewajibika: Mhasibu Mkuu. Tarehe: 30 Aprili. Kielelezo: hati za marejesho na orodha ya makato.
>
> Hatua ya 2: Masurufu mawili ya walioacha kazi yatadaiwa kwa barua, na kukatwa kwenye mafao yao pale ambapo bado hayajalipwa na sheria inaruhusu, fomu ya kuacha kazi itaongezwa sehemu ya kusainiwa na uhasibu. Anayewajibika: Mkuu wa Utumishi. Tarehe: 30 Aprili. Kielelezo: nakala za barua na fomu mpya iliyoanza kutumika.
>
> Hatua ya 3: Kuanzia 17 Machi daftari litaandikwa kila siku katika jedwali la Excel analoliona mhasibu wa malipo, naye atasaini kwenye kila fomu kwamba mwombaji hadaiwi. Anayewajibika: Mhasibu wa Malipo. Kielelezo: fomu zenye saini hiyo.
>
> Hatua ya 4: Mfumo wa malipo utawekewa kizuizi cha kutotoa masurufu mapya kwa mtu mwenye deni lililopita siku 14. Anayewajibika: Mkuu wa TEHAMA. Tarehe: 30 Juni. Kielelezo: taarifa ya majaribio iliyosainiwa na Mhasibu Mkuu.

Angalia hatua ya 3. Inaanza wiki mbili baada ya rasimu kupokelewa, haihitaji fedha, na inalinda taasisi wakati hatua ya 4 inasubiriwa. Ukiweza kuweka kinga ya muda ya namna hiyo, iweke. Bila hiyo ungekuwa unasema waziwazi kwamba hadi Juni tundu litakaa kama lilivyo.

## Afisa anayewajibika

7. Niandike jina la mtu au cheo?

Cheo kwenye ripoti. Ripoti inaishi kuliko mtu anavyokaa kwenye kiti. Jina liandike kwenye jedwali lenu la ndani la ufuatiliaji, na hakikisha mwenye jina amesoma hatua yake na kukubali tarehe kabla jibu halijatoka. Imewahi kutokea afisa akajua kwamba anawajibika siku mkaguzi alipomgongea mlango. Hilo ni kosa la aliyeandika jibu.

Hatua moja, cheo kimoja. "Menejimenti", "Idara ya Fedha" au "Mhasibu Mkuu pamoja na Mkuu wa TEHAMA" ni sawa na kutomwandika mtu: tarehe ikipita kila mmoja atakuwa alidhani mwenzake anashughulikia. Hatua ikigusa idara mbili, ikate vipande viwili kama zilivyotenganishwa hatua ya 3 na ya 4.

8. Si salama zaidi kumwandika mkuu wa taasisi kwenye kila hatua, kwa kuwa yeye ndiye mwenye dhamana?

Dhamana ya jumla anayo hata usipomwandika. Afisa unayemtafuta ni yule ambaye kitendo chenyewe kiko ndani ya mamlaka yake. Jiulize: akitaka kukifanya kesho asubuhi, anaweza bila kuomba ruhusa kwa mtu mwingine? Karani wa daftari hawezi kumzuia mtu asilipwe, kwa hiyo ukimwandika yeye kwenye hatua ya 3 umemtwika mzigo bila nguvu ya kuubeba. Mkuu wa taasisi anaweza, lakini hakai dirishani pa malipo. Mhasibu wa malipo ana uwezo na yupo mahali jambo linapotokea.

Kuna tofauti moja ya haki. Hatua inayohitaji uamuzi wa juu, kwa mfano kuidhinisha makato ya mshahara ya mkuu wa idara, ipewe mkuu wa taasisi. Usimwache mhasibu apambane na bosi wake.

9. Afisa aliyeandikwa amehamishwa kabla ya tarehe. Inakuwaje?

Hatua inabaki na cheo, na tarehe haibadiliki. Hakikisha hoja zilizo wazi zimeandikwa kwenye hati yake ya makabidhiano na mrithi wake amezisaini.

## Tarehe

10. Nipange vipi tarehe ambayo kweli itatimia?

Usianze na tarehe inayopendeza kwenye ripoti. Vunja hatua katika kazi zake, umuulize kila anayehusika muda wake, kisha hesabu kwenda mbele.

Chukua hatua ya 4. Mkuu wa TEHAMA aliposikia kwa mara ya kwanza alisema mwezi mmoja, akifikiria kazi ya kuandika kizuizi tu. Tulipokaa naye na kalamu, ikawa hivi: kupata idhini na kumwagiza mtoa huduma wa mfumo, wiki 3, mtoa huduma kufanya kazi yake, wiki 6, kujaribu na kurekebisha, wiki 2. Jumla wiki 11. Ukianzia 10 Machi unafika 26 Mei. Lakini siku za mwisho wa mwezi ndizo wahasibu wanafunga hesabu na hawatagusa mfumo, na tulitaka kizuizi kipite kwenye malipo halisi ya mwezi mzima kabla ya kusema kimekamilika. Ndiyo maana tumeandika 30 Juni. Yule aliyesema mwezi mmoja hakudanganya. Aliulizwa swali dogo kuliko kazi yenyewe.

Vitu viwili hukwamisha tarehe kuliko vingine: ununuzi na vikao. Kama hatua inahitaji kanuni ibadilishwe na bodi, fungua kalenda ya vikao kabla ya kuandika chochote. Bodi inayokaa kila robo mwaka haitakupa idhini katikati ya robo, na makabrasha yanatakiwa siku kadhaa kabla ya kikao. Tarehe yako ni baada ya kikao unachoweza kukiwahi kweli, ambacho mara nyingi si kile kilicho karibu zaidi.

11. Je, naweza kuandika "mara moja" au "zoezi endelevu"?

Hapana. "Mara moja" haina siku ya kuhakikiwa, na "endelevu" haina siku ya kuisha. Kama jambo litafanyika kila mwezi daima, andika tarehe litakapofanyika kwa mara ya kwanza na nani ataweka kumbukumbu yake.

12. Tunaona kabisa hatutaiwahi tarehe. Tufanye nini?

Omba muda mpya kabla ya tarehe kufika, kwa maandishi, kwa njia ileile jibu lilivyoidhinishwa. Eleza kilichokwisha kufanyika, kilichobaki, kilichokwamisha, na kinga ya muda iliyopo. Tarehe mpya ipatikane kwa hesabu ya swali la 10. Ukisogeza kwa kukisia utarudi kuomba tena, na ombi la tatu kamati ya ukaguzi hailisomi kwa jicho la huruma.

## Hali ngumu

13. Hatukubaliani na hoja. Tunaruhusiwa kusema hivyo?

Ndiyo, na mahali pa kusema kwanza ni kikao cha kuhitimisha ukaguzi, ripoti ikiwa bado rasimu. Peleka ushahidi, hoja ya maneno haiondoi hoja ya maandishi. Mara nyingi ubishi wa kweli unahusu sehemu tu, kama yale masurufu matano. Kubali yaliyo sahihi, pinga yasiyo sahihi kwa namba za hati, na usitumie matano kujificha nyuma yake kwa yale 14. Msomaji makini hulitambua hilo haraka, na ukishapoteza imani yake hata ufafanuzi wa haki atausoma kwa mashaka.

Kama hampingi kilichokutwa bali pendekezo tu, semeni hivyo na mpendekeze njia nyingine inayoziba tundu lilelile.

14. Hakuna bajeti ya kutekeleza pendekezo.

Kwanza tafuta kinga ya bei nafuu. Kizuizi cha mfumo kisingewezekana, saini ya hatua ya 3 ingefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kisha andika hatua ya bajeti yenyewe: nani ataliingiza ombi, kwenye bajeti ya mwaka gani, kufikia tarehe gani. Hiyo ni hatua halali kabisa.

Menejimenti ikiamua kutofanya lolote na kubeba hatari hiyo, iandike wazi na asaini mtu mwenye mamlaka ya kuibeba. Usiivalishe nguo ya mpango ambao hakuna anayekusudia kuutekeleza. Ujue pia kwamba kwa viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika 9 Januari 2025, mkuu wa ukaguzi wa ndani akiona hatari iliyobebwa inazidi kiwango ambacho taasisi imejiwekea, anatakiwa kulijadili na uongozi wa juu, na lisipopata ufumbuzi alifikishe kwenye bodi.

15. Hoja ni ileile ya mwaka jana. Tunakili jibu la zamani?

Jibu la zamani ndilo lililoshindwa. Anza kwa kusema liliahidi nini, kipi kilifanyika, na kwa nini hakikutosha. Pengine hatua ilitekelezwa lakini ilielekezwa kwenye chanzo kisicho chenyewe. Rudi swali la 4. Pengine haikutekelezwa kabisa kwa sababu afisa hakuwa na mamlaka. Rudi swali la 8. Sentensi hizo mbili au tatu za ukweli ni ngumu kuziandika, na bosi anaweza kutaka kuzifuta. Mweleze kwamba mkaguzi ataziandika mwenyewe kama ninyi hamtaziandika.

16. Tumetekeleza kila kitu kwa tarehe, lakini mkaguzi bado hajaifunga hoja. Kwa nini?

Kwa kawaida anasubiri kuona kama kinga inafanya kazi. Kuwepo kwa fomu yenye sehemu ya saini ni jambo moja; kusainiwa kila mara ni jambo jingine. Kizuizi kikikamilika 30 Juni, mkaguzi akija 5 Julai hana malipo ya kutosha ya kupima. Atataka kuchukua sampuli ya miezi michache, kwa mfano Julai hadi Septemba.

Hili zungumzeni naye mapema na mliandike: "kukamilika 30 Juni, uhakiki baada ya 30 Septemba". Katika kipindi hicho Mhasibu Mkuu achukue fomu kumi kila mwezi na kuzikagua mwenyewe. Katika mfano wetu, mwezi Julai alikuta mbili hazina saini, zote zimelipwa siku mhasibu wa malipo alipokuwa likizo na msaidizi wake hakuelekezwa. Msaidizi alielekezwa siku hiyohiyo, na maelezo ya fomu hizo mbili yakawekwa kwenye jalada la hoja, mbele kabisa, ambapo mkaguzi atayaona bila kuyatafuta.